Meza ya Mninga na Viti Sita: Bei Inavyojengwa Kabla Msumeno Haujawashwa

Mteja anayekwenda Keko, wilayani Temeke, kutengenezesha fenicha siku hizi mara nyingi haendi na mchoro. Anafungua simu, anaonyesha picha ya meza ya chakula aliyoiona mtandaoni, anasema anataka ya watu sita, ya mninga, na viti viwe na mito. Kisha anauliza swali linalotakiwa kujibiwa papo hapo: "Fundi, hii utanifanyia shilingi ngapi?" Fundi anaitazama picha, anakisia mbao, anakumbuka jirani yake aliuza kwa kiasi gani mwezi uliopita, anataja milioni moja na laki tisa. Wanavutana kidogo, wanashukiana hadi milioni moja na laki saba, kianzio kinatolewa. Bei imeshafungwa, na hakuna aliyepima hata ubao mmoja.

Mwenye duka la fenicha za kuagiza ana nafuu hapa. Kila kabati alilonalo limekuja na ankara, kwa hiyo anajua lilimgharimu nini kabla ya kulibandika bei. Fundi wa oda anauza kitu ambacho bado hakipo. Bei yake inabidi ajenge mwenyewe kutokana na mambo matatu: vifaa vitakavyoingia katika kazi hiyo, saa ambazo mafundi watakaa juu yake, na fungu la gharama za kuendesha karakana ambazo hazionekani kwenye meza wala kwenye kiti lakini lazima zilipwe.

Tuifuate oda hiyohiyo moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Karakana yetu ya mfano ni ndogo, ina mwenyewe na mafundi wawili. Bei zitakazotajwa ni za mfano. Kila anayesoma ataweka za soko lake, maana mbao haina bei moja Mafinga, Tanga na Dar es Salaam. Kinachobaki vilevile ni namna ya kuhesabu.

Kazi inaanza kwa orodha ya vipande. Meza ya mteja ina urefu wa futi 5 na nusu na upana wa futi 3. Viti ni sita, vya miguu ya nyuma iliyopinda kidogo ili mgongo upate pa kuegemea. Mbao anayonunua fundi ni mninga wa 2 kwa 8, urefu wa futi 12, kwa shilingi 85,000 kila ubao. Ukikaa na kalamu tu, uso wa meza wenye upana wa inchi 36 unahitaji vipande vinne na nusu vya inchi 8, na ubao mmoja wa futi 12 unatoa vipande viwili. Hivyo mbao mbili na robo zingetosha, na anayekadiria kwa macho ataandika hivyo, au ataongeza robo tatu na kujiona mwangalifu.

Ubao ukiletwa karakanani hesabu hiyo inabadilika. Ncha zake mara nyingi zimepasuka kwa jua, zinakatwa. Ukingo wake haujanyooka, unarandwa mpaka unyooke ili vipande viweze kugandana bila mwanya. Mninga una jambo lake jingine: pembeni una sehemu nyeupe, na sehemu hiyo ndiyo inayoliwa na wadudu. Fundi anayejali kazi yake anaiondoa, hata kama inampunguzia upana. Kati ya inchi 8 alizolipia, anabaki na kama inchi 7 za kufanyia kazi. Vipande vitano vitampa inchi 35, na anatakiwa kufikisha 36. Kwa hiyo vinakuwa vipande sita, mbao tatu kamili.

Ubao wa nne unapasuliwa katikati na kuunganishwa kwa gundi kuwa miguu minene. Wa tano unatoa fremu inayobeba uso wa meza. Viti vinakula mbao nne nyingine, na hapo ndipo upotevu ulipo mkubwa zaidi, kwa sababu mguu uliopinda ukikatwa kutoka ubao ulionyooka unaacha vipande vyembamba vya pembeni visivyofaa kwa chochote. Jumla ni mbao tisa. Ukipima ujazo wa meza na viti vilivyokamilika, utakuta ni kama nusu ya ujazo wa mbao zilizonunuliwa. Nusu nyingine imekuwa maranda, vumbi, ncha na vijiti. Mteja atalipia nusu anayoiona. Nusu asiyoiona nayo lazima iwemo katika bei hiyohiyo, la sivyo fundi ndiye atakayemnunulia.

Mbao tisa ni shilingi 765,000. Sponji, kitambaa na plaiwudi za viti sita ni 108,000. Sila, vanishi na thina 75,000. Gundi, msasa na skrubu 42,000. Hapo tumefika 990,000. Karakana hii haina mashine kubwa ya kuranda, kwa hiyo mbao zinapelekwa kwa jirani mwenye mashine kupasuliwa na kurandwa, 45,000. Guta la kuzitoa sokoni ni 25,000, na kirikuu cha kumpelekea mteja mzigo wake ni 40,000. Vyote hivi vimefanyika kwa sababu ya oda hii tu, kwa hiyo vyote vinaandikwa chini ya jina la oda hii. Jumla ya fungu la kwanza: shilingi 1,100,000.

Msasa na gundi vinastahili neno moja zaidi. Ni vitu ambavyo fundi huwa navyo kabatini, alivinunua wiki iliyopita kwa kazi nyingine, na kwa sababu hatoi pesa siku hiyo anaviona kama vya bure. Kopo lililobaki nusu lilinunuliwa kwa pesa, na litanunuliwa tena likiisha. Liandikwe kwa kiasi kilichotumika.

Fungu la pili ni kazi ya mikono, na hapa kosa la kawaida ni kuitazama meza. Meza ni kubwa, inajaza macho, mtu anadhani ndiyo inayokula muda. Hebu tuhesabu viungo. Fremu ya meza ina mbao nne zinazoingia kwenye miguu minne: viungo vinane vya ulimi na tundu. Kiti kimoja cha muundo huu kina viungo kumi na viwili. Viti sita vina viungo 72, kila kimoja kimepimwa, kimechongwa kwa patasi, kimejaribiwa, kimerekebishwa na kutiwa gundi. Ndiyo maana katika makadirio yetu meza imepewa saa 18, wakati viti vimepewa saa 9 kila kimoja, yaani 54. Kupiga msasa na vanishi seti nzima ni saa 18. Kushona na kuweka mito ni saa 6. Jumla ni saa 96.

Saa hizi ni za mtu akiwa na zana mkononi. Muda ambao gundi inakauka hauingii, kwa kuwa wakati huo fundi anafanya kazi ya mteja mwingine. Kuna mafundi wanaohesabu kwa siku za kalenda, wakasema "kazi hii ni ya wiki mbili," na kwa hesabu hiyo hawawezi kujua kama wiki hizo mbili zilikuwa na kazi moja ndani yake au tatu.

Sasa saa moja inagharimu kiasi gani? Mafundi wawili wanalipwa 520,000 kila mmoja kwa mwezi wa siku 26, sawa na 20,000 kwa siku. Mwenye karakana amejipangia mshahara wa 760,000. Wapo wenye karakana wasiojiandikia mshahara kabisa, wakisema watakula faida. Lakini yeye naye anachonga, anapima, anapokea wateja. Akiugua mwezi mzima italazimu kumlipa mtu mwingine afanye hayo. Mshahara wake ni gharama kama ya yeyote mwingine. Jumla ya mishahara ni 1,800,000.

Watu watatu kwa saa 8 kwa siku 26 ni saa 624. Ukigawanya mishahara kwa saa hizo unapata karibu shilingi 2,900 kwa saa, na kiwango hicho ni cha chini mno. Hakuna karakana inayouza saa zake zote. Umeme unakatika. Fundi anatumwa kununua bawaba. Mbao zimechelewa. Mteja amefika kuangalia kazi yake na anataka kuelezwa. Karakana inafagiliwa, misumeno inanolewa. Katika karakana yetu mafundi wawili wanapata wastani wa saa 6 kwa siku juu ya kazi za wateja, ambazo ni saa 312 kwa mwezi. Mwenyewe, kwa sababu ya simu, soko na wateja, anapata saa 88 tu kwa mwezi mzima. Jumla ni saa 400. Mishahara inalipwa kwa saa 624, lakini pesa za kuilipa zinatoka katika saa 400 ambazo wateja wanazilipia. Kwa hiyo saa moja ya kazi ni 1,800,000 gawanya kwa 400: shilingi 4,500.

Hakuna namna ya kujua saa 400 hizo ila kuziandika. Daftari la shule linatosha: kila jioni, kila fundi anaandika jina la oda na saa alizokaa juu yake. Baada ya miezi miwili au mitatu ukweli unajitokeza wenyewe, na kwa wengi unakuwa mdogo kuliko walivyodhani.

Saa 96 kwa 4,500 ni shilingi 432,000.

Fungu la tatu ndilo linaloua karakana kimyakimya. Ni zile gharama ambazo zingekuwepo hata kama oda hii isingekuja. Karakana yetu inalipa kodi ya eneo 300,000 kwa mwezi. Umeme wa LUKU ni 120,000. Mchango wa mlinzi ni 80,000. Kunoa misumeno, kubadilisha bledi na matengenezo madogo ni 60,000. Vocha, bando na nauli za kuzungukia soko ni 70,000. Leseni, taka na malipo mengine ya eneo, yakigawanywa kwa miezi, ni 40,000. Kazi zinazorudishwa kurekebishwa bila malipo, kwa wastani, ni 30,000.

Limebaki moja ambalo halina risiti ya mwezi huu: uchakavu wa zana. Msumeno wa mviringo, mashine ya kutoboa, mashine ya kusugulia, kompresa na klampu zilinunuliwa kwa jumla ya shilingi 6,000,000, na mwenyewe anakadiria zitamfaa kwa miaka mitano. Milioni sita kwa miezi 60 ni laki moja kila mwezi. Pesa hiyo haimtoki mfukoni leo, na ndiyo maana inasahaulika. Siku kompresa itakapokufa, aliyekuwa akiiweka kwenye bei atakuwa amekwisha kulipwa na wateja wake kidogokidogo, asiyeiweka atakopa.

Jumla ya gharama za uendeshaji ni 800,000 kwa mwezi. Zigawanye kwa saa zilezile 400, unapata shilingi 2,000. Hiki ndicho kiwango cha uendeshaji: kila saa fundi anapoweka patasi kwenye kazi ya mteja, kazi hiyo inabeba shilingi 2,000 za kodi, umeme, mlinzi na uchakavu. Oda yetu ya saa 96 inabeba 192,000.

Kwa nini zigawanywe kwa saa, na si kwa idadi ya oda, au kwa asilimia ya bei ya mbao? Kwa sababu kinachotumia karakana ni muda. Stuli ya jikoni haiwezi kubeba kodi sawa na seti ya meza na viti sita. Na ukiweka asilimia juu ya mbao, meza ya mninga itabebeshwa mzigo mkubwa kuliko meza ya msonobari ingawa zote mbili zimekalia nafasi ileile kwa saa zilezile. Karakana yenye mashine nyingi na watu wachache ingefanya vizuri zaidi kugawanya kwa saa za mashine, lakini kwa mafundi watatu na patasi zao, saa za watu ndizo kipimo cha haki.

Mambo haya yalimshtua hata Josiah Wedgwood, mfinyanzi tajiri wa Uingereza, mwaka 1772. Biashara ilipodorora ghafla mwaka huo, alikaa na vitabu vyake kutafuta kila chombo kinamgharimu nini hasa, akatambua kwamba kodi na mishahara mingi vinaendelea kulipwa hata vyombo vinavyofinyangwa vikipungua. Tangu hapo akawa anafikiria bei na wingi wa kazi kwa pamoja.

Tahadhari moja kuhusu kiwango hiki: kisihesabiwe upya kila mwezi. Mwezi mbaya karakana inaweza kuuza saa 250 tu. Ukigawanya 800,000 kwa hizo, kiwango kinapanda hadi 3,200, na fundi anajikuta anapandisha bei wakati hana wateja. Kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, saa zikijaa, angekishusha wakati watu wanapanga foleni. Kichukuliwe cha mwaka mzima: gharama za miezi kumi na miwili kwa saa za miezi kumi na miwili, kisha kibadilishwe kodi au umeme ukipanda.

Sasa tujumlishe. Vifaa na huduma za oda, 1,100,000. Kazi, 432,000. Uendeshaji, 192,000. Meza na viti sita vinaigharimu karakana shilingi 1,724,000.

Turudi kwenye ile milioni moja na laki saba iliyokubaliwa kwa kuangalia simu. Fundi aliyeitaja hakujiona anapata hasara. Kichwani mwake mbao zilikuwa saba, 595,000. Sponji, vanishi na vitu vidogo 225,000. Mafundi, siku kumi na mbili za kazi kwa 20,000, ni 240,000. Jumla yake ilikuwa 1,060,000, na aliona 640,000 zikimbakia mkononi. Hali halisi ni kwamba amepungukiwa 24,000. Tofauti ya 664,000 imetoka sehemu nne: mbao mbili za upotevu, 170,000, guta, kirikuu na mashine ya jirani, 110,000, saa zinazolipwa bila kuuzwa pamoja na mshahara wa mwenyewe, 192,000, na uendeshaji, 192,000.

Mbona basi hafilisiki mwezi huohuo? Jibu liko kwenye kianzio. Mteja wa pili anapotoa nusu ya pesa, pesa hiyo inanunua mbao zilizopungua kwa mteja wa kwanza na kulipa kodi ya mwezi. Mteja wa tatu anamalizia kazi ya wa pili. Karakana inaonekana ina shughuli, mafundi wana kazi mpaka usiku, na kila oda inachelewa kidogo kuliko iliyotangulia. Mtu akitaka kujua kama bei zake zina tundu, aangalie hapo: siku anapopokea kianzio, je, kinakwenda kununua vifaa vya aliyekitoa? Kama kwa miezi mfululizo hakiendi, tatizo haliko kwa wateja wagumu. Liko kwenye hesabu ya saa na ya uendeshaji.

Shilingi 1,724,000 ni gharama. Bado si bei. Juu yake inahitajika faida, na faida hii si mshahara wa mwenyewe, kwani huo umeshahesabiwa. Ni pesa ya kununua akiba ya mbao wakati bei iko chini na kuziacha zikauke vizuri, ya kuvuka mwezi usio na oda, ya kununua siku moja mashine ya kuranda ili ile 45,000 isiende kwa jirani.

Tuseme mwenye karakana anataka asilimia 20. Hapa wengi, hata waliosoma biashara, wanateleza. Anachukua 1,724,000, anaongeza asilimia 20 juu yake, anapata 2,068,800, anaamini kwamba katika kila shilingi 100 inayoingia, 20 ni faida. Sivyo. Faida yake ni 344,800, na ukiigawanya kwa bei aliyouzia ni karibu asilimia 16.7. Ameongeza asilimia 20 ya gharama, lakini yeye alitaka asilimia 20 ya bei. Akitaka faida iwe asilimia 20 ya bei, basi gharama ni asilimia 80 iliyobaki, na bei inapatikana kwa kugawanya:

Bei = 1,724,000 ÷ 0.80 = 2,155,000

Faida ni 431,000. Tofauti ya njia hizo mbili ni shilingi 86,200 kwa oda moja tu, kiasi kinachozidi bei ya ubao mzima wa mninga.

Umuhimu wa kuijua faida ndani ya bei unaonekana pale mteja anapouliza, "Bei ya mwisho, fundi?" Punguzo la asilimia 10 linasikika dogo. Kwa bei ya 2,155,000 ni shilingi 215,500, na bei inashuka hadi 1,939,500. Lakini mbao hazikupungua, saa hazikupungua, kodi haikupungua. Punguzo lote limetoka kwenye faida, na limeikata nusu kamili. Fundi mwenye karatasi ya gharama anaweza bado kulikubali, kwa mteja wa siku nyingi au kwa oda kubwa. Tofauti ni kwamba anajua ametoa nini.

Njia nzuri zaidi ya kushusha bei ni kubadilisha kazi yenyewe, na karatasi ileile inaonyesha pa kugusa. Viti vinne badala ya sita vinaondoa saa 18 za kuchonga, ambazo kwa 6,500 kila moja, yaani kazi na uendeshaji pamoja, ni 117,000, kabla hata ya kugusa mbao na sponji. Miguu ya nyuma ikinyooka badala ya kupinda, upotevu unapungua. Mteja anaweza kuchagua mtiki mdogo au msonobari badala ya mninga; hapo bei ya mbao itashuka, ila saa zitabaki karibu vilevile, na ni vizuri aelezwe hivyo mapema ili asitegemee nusu ya bei. "Mama, tukifanya viti vya mgongo ulionyooka nitakupunguzia" ni mazungumzo ya heshima kuliko kushusha bei kisha kulipiza kwa mbao mbichi.

Kuna wakati karakana imelala na fundi analazimika kupokea kazi chini ya bei yake. Mpaka wake upo. Vifaa na kazi vya oda hii ni 1,532,000. Bei yoyote juu ya hapo inasaidia kulipa sehemu ya kodi ambayo ingelipwa hata bila oda; chini ya hapo anaongeza hasara kwa jasho. Lakini hiyo ni bei ya mwezi mmoja wa dhiki. Ikizoeleka, kodi itabaki haina wa kuilipa.

Karakana iliyosajiliwa VAT Tanzania Bara inaongeza kodi hiyo juu ya bei, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, hivyo mteja anatajiwa 2,542,900. Zile 387,900 za juu si mali ya karakana. Zinakusanywa kwa niaba ya TRA, kwa hiyo zisihesabiwe kama faida wala zisitumike kuvuta mteja. Asiyesajiliwa hana haki ya kuzitoza.

Bei ikishapatikana, iandikwe. Nukuu nzuri inataja aina ya mbao, vipimo, idadi, rangi ya vanishi, nani analipia usafiri, na tarehe ambayo bei itakoma, kwa sababu mninga uliokuwa 85,000 leo unaweza kuwa na bei nyingine mwezi ujao. Kianzio nacho kinatoka kwenye hesabu, si kwenye mazoea. Vifaa na huduma za oda hii ni 1,100,000, ambayo inazidi kidogo nusu ya bei. Kianzio cha asilimia 50 kingepungua kwa shilingi 22,500. Kianzio cha asilimia 60 ni 1,293,000: kinanunua kila kitu na kubakiza 193,000 za kuanzia mishahara, na fundi hagusi pesa ya mtu mwingine.

Makadirio ni makadirio, na kazi ikiisha daftari la jioni linafunguliwa. Tuseme kwa seti hii limeonyesha saa 110 badala ya 96. Saa 14 za ziada kwa 6,500 ni shilingi 91,000, na faida imeshuka kutoka 431,000 hadi 340,000. Kujua hivyo tu hakutoshi. Inabidi kuona saa zimeangukia wapi. Viti vimechukua 64 badala ya 54. Ukisoma siku kwa siku, kiti cha kwanza kimekula saa 15, cha pili 11, na vinne vya mwisho saa 9 na nusu kila kimoja. Hakuna aliyezembea. Kiti cha kwanza cha muundo mpya kinakuja na kutafuta pembe ya mgongo, kuchora kiolezo cha mguu, kukosea kiungo kimoja na kukirudia. Saa nne nyingine zimekwenda kwenye vanishi, iliyopigwa siku ya mvua. Hewa yenye unyevu iliingia kwenye rangi ikaacha ukungu mweupe juu ya meza, ikabidi isuguliwe na kupigwa upya.

Mambo hayo mawili yanaingia kwenye nukuu zijazo kwa njia tofauti. Vanishi ni suala la kusubiri siku kavu, na halihitaji kubebeshwa mteja mwingine. Kiti cha kwanza ni gharama ya kweli ya kila muundo mpya, kwa hiyo nukuu inayofuata ya viti kutoka picha ya simu itaongezewa saa 7 za maandalizi. Na kiolezo cha mguu wa nyuma, kilichokatwa kwenye plaiwudi, kimeandikwa jina la oda na kutundikwa ukutani. Mteja mwingine akitaka viti sita vya muundo huohuo, uchongaji wake utaandikiwa saa 57.